Kappa yetu ni 0.39: kosa ni letu au ni la kategoria?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na mwenzangu tumeweka alama maneno 200 yenye ku- (kusoma, kulala na kadhalika), kila mmoja peke yake: hili kitenzi, hili nomino. Sote wawili tumeyaita 140 vitenzi na 20 nomino. Kuna 34 ambayo mimi nimesema kitenzi, yeye akasema nomino, na 6 ni kinyume chake. Mfano wa tunayobishania ni "Kumsaidia jirani kunahitaji moyo." Tumelingana kwa asilimia 80 lakini kappa ni 0.39. Tubadilishe kipimo, au tukae tusuluhishe hayo 40 tuendelee?

Jibu: Marahaba. Kipimo kiacheni kilivyo, na hayo 40 msiyaguse kwanza. Hayo ndiyo sehemu ya data yenu yenye habari nyingi kuliko zote, na mkiyasuluhisha sasa mtaifuta habari hiyo.

Tuanze na pengo kati ya 80 na 0.39, maana ndilo linalowatisha. Kappa, aliyoileta Jacob Cohen mwaka 1960, huondoa kwanza yale makubaliano ambayo yangepatikana kwa bahati tu:

```
kappa = (Po - Pe) / (1 - Pe)
```

Po ni makubaliano mliyoyapata, 0.80. Pe ni ya bahati. Wewe umesema "kitenzi" mara 174, yaani 0.87 ya maneno yote. Mwenzako mara 146, yaani 0.73. Hata kama mngegawa alama kwa viwango hivyohivyo bila kusoma sentensi hata moja, mngekutana kwa 0.87 × 0.73 + 0.13 × 0.27, sawa na 0.67. Ilibaki nafasi ya 0.33 ya kuonyesha kwamba mnaona kitu kimoja, nanyi mmejaza 0.13 tu. Ndiyo hiyo 0.39.

Pe imepanda kwa sababu vitenzi ni vingi mno katika sampuli yenu. Kama kila mmoja angegawa nusu kwa nusu, asilimia 80 hiyohiyo ingetoa kappa ya 0.60. Kwa hiyo usikimbilie jedwali la Landis na Koch la mwaka 1977 ili likuambie kama 0.39 inafaa au haifai. Mipaka ya jedwali lile waliipanga wenyewe kwa makadirio, na haijui data yako imeegemea upande gani.

Mimi ningeitazama kila alama kivyake. Chukua mara mbili ya mliyokubaliana, ugawe kwa jumla ya mara ambazo nyote wawili mmeitumia alama hiyo. Kwa kitenzi ni 280 kwa 320, karibu asilimia 88. Kwa nomino ni 40 kwa 80, asilimia 50 kamili. Hapo picha inabadilika: "kitenzi" mnakifahamu kwa namna moja, na tatizo lote limekaa kwenye "nomino".

Sasa tazama 34 na 6. Uzembe na uchovu hutawanya makosa pande zote mbili bila mpangilio, kwa hiyo mngetarajia namba zinazokaribiana. Zenu zimeegemea upande mmoja vibaya. Yeye ametumia "nomino" mara 54, wewe mara 26, na tofauti hiyo ya 28 peke yake inawalazimisha kutofautiana angalau mara 28 kati ya 40. Yaani sehemu kubwa ya mabishano yenu ilikwisha amuliwa kabla hamjafungua sentensi yoyote: kila mmoja wenu ana kanuni yake, na anaifuata kwa uaminifu.

Kanuni hizo naziona ndani ya mfano wako. "Kumsaidia" lina kiambishi cha yambwa -m-, na "jirani" ndiye anayesaidiwa. Kwa ndani, hiki ni kitenzi kisicho na shaka. Lakini kirai chote ni kiima cha "kunahitaji", na kinaleta upatanisho wa ku- kama nomino yoyote inavyoleta upatanisho wa ngeli yake. Ninavyoona, wewe umetazama ndani na mwenzako ametazama nje. Nyote mko sahihi, ila kila mmoja amejibu swali lake.

Jaribuni sentensi hii: "Kule kumtukana kwake mzee wake kulituudhi." Kuna kionyeshi "kule" na kimilikishi "kwake", dalili za nomino. Papo hapo kuna -m- na yambwa "mzee wake", dalili za kitenzi. Hakuna mwongozo, hata uandikwe vizuri namna gani, utakaogundua jibu moja lililojificha humo, kwa sababu neno lenyewe limebeba sifa zote mbili. Sarufi zetu zimelipa jina kitenzi-jina tangu zamani, na kappa yenu ndogo inasema jambo hilohilo kwa namba. Upande wa pili, "nataka kulala" na "kuimba kwake kunapendeza" hazitawagombanisha, kwa kuwa katika ya kwanza dalili za nomino ni chache, na katika ya pili dalili za kitenzi ni chache.

Kabla ya kuamini maelezo haya, yapimeni. Acheni wiki kadhaa zipite, kisha kila mmoja aweke alama upya maneno yaleyale, mpangilio ukiwa umechanganywa na bila kuona alama za kwanza. Kama kila mmoja anakubaliana na nafsi yake kwa kiwango cha juu, basi kweli mna kanuni mbili thabiti zinazogongana. Kama mtu hakubaliani hata na nafsi yake, ama mwongozo hausemi kitu, ama sentensi zenyewe hazitoi dalili za kutosha nje ya muktadha mpana. Hayo 6 pia yasomeni moja moja. Kwa uchache wake, huenda humo ndimo makosa ya kweli ya kuteleza yalimo.

Kisha ligawanyeni swali. Safu ya kwanza iulize mambo ya ndani: lina kiambishi cha yambwa, lina yambwa, lina ukanushi wa -to- kama katika "kutosoma"? Safu ya pili iulize ya nje: lina kimilikishi, kionyeshi au kivumishi, na je, ni kiima chenye upatanisho wa ku-? Maswali haya hujibika kwa kutazama sentensi, na natarajia kappa ya kila safu ipande. Mkitumia mfumo wa Universal Dependencies, mnaweza kuandika `VERB` pamoja na `VerbForm=Inf` kwa maneno haya yote, na uhusiano wa kisintaksia ubebe habari ya nje. Pimeni kwa sampuli mpya, siyo kwa hizi 200, kwa sababu hizi mmekwisha zijadili.

Mjihadhari na kitu kimoja. Mngeweza kupandisha kappa leo hii kwa kuandika kwenye mwongozo: "penye kimilikishi weka nomino, kwingine kote kitenzi." Mngeafikiana karibu kila mahali, lakini namba hiyo ingepima utii wenu kwa kanuni tu. Isingethibitisha kwamba Kiswahili kinagawa maneno hayo mahali hapo. Kwa hiyo kwenye ripoti yenu andikeni kappa ya mwanzo, jedwali la 140, 34, 6 na 20, na mwongozo mliotumia siku ile. Na faili la mwisho libaki na alama zako na za mwenzako katika safu mbili tofauti, hata pale mtakapoongeza ya tatu ya uamuzi wa pamoja.