Geuza boksi kabla hujatoa pesa

Mwaka jana madoa ya chunusi yalininyima raha. Nikiwa Mbuyuni, hapa Moshi, nikanunua krimu ya uso, bei nusu ya ile niliyozoea. Siku ya tano madoa yakawa yamefifia. Shangazi akaniuliza siri, nami nikamnunulia tyubu yake. Miezi miwili baadaye yangu ikaisha, na ndani ya wiki uso ukawa unawaka moto, vipele vimejaa kuzunguka mdomo.

Daktari wa ngozi aliniomba boksi, sio historia. Akaligeuza, akaweka kidole kwenye viambato: Clobetasol propionate. Ni steroidi kali sana, dawa ya cheti kwa magonjwa kama soriasisi, tena kwa muda mfupi, na usoni huepukwa. Inazima uvimbe na kufifisha rangi haraka, ndiyo maana tunaisifia. Lakini inakondesha ngozi, na ngozi ikishaizoea, ukiiacha ghafla inalipuka.

Siku hizi naanza na orodha ya viambato. Vinavyotangulia ndivyo vingi zaidi, ila sumu haihitaji kutangulia, kwa hiyo soma hadi mwisho. Zaidi ya hiyo steroidi, natafuta Hydroquinone na zebaki, ambavyo vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Zebaki huandikwa Mercury, Mercurous chloride au Calomel. Mara nyingi haiandikwi kabisa, bali unakuta onyo kwamba krimu isiguse dhahabu wala fedha. Zebaki huharibu vito hivyo. Krimu inayoogopa pete mimi siinunui, hata muuzaji aape.

Orodha nayo inaweza kuwa ya uongo, kwa sababu anayeghushi hunakili boksi zima. Kwa hiyo mwombe muuzaji afungue, ulinganishe namba ya toleo, ile yenye B. No. au Lot, kwenye boksi na kwenye mkunjo wa tyubu. Zinapaswa kufanana, pamoja na tarehe ya kuisha muda. Yangu hazikufanana: boksi lilikuwa na namba moja, tyubu nyingine, na tarehe ilikuwa stika iliyobandikwa juu ya maandishi mengine. Vyote hivyo vilikuwa mbele ya macho yangu siku nanunua.

Namba zikifanana bado si uthibitisho, maana nazo hunakiliwa. Hapo kinachobaki ni kasi. Madoa ya chunusi hufifia kwa wiki nyingi, mara nyingi miezi. Yakiondoka kwa siku tano, kuna kitu ndani ambacho hujaambiwa.

Shangazi alikuwa bado anapaka. Nilitaka aitupe usiku uleule, daktari akanizuia: aliyeitumia kwa muda mrefu apunguze taratibu chini ya uangalizi. Jumatatu nikampeleka mwenyewe, boksi na tyubu mkononi.