Bati linadondosha maji alfajiri bila mvua

Swali: Niko Ujiji. Bati halivuji mvua ikinyesha, ila alfajiri maji yanadondoka kitandani. Nyumba haina dari. Fundi anasema nipake silikoni.

Maoni: Fungua madirisha usiku, basi.

Jibu: Silikoni haitagusa tatizo, dada. Mbingu ikiwa wazi usiku, bati hupoa kuliko hewa yenyewe. Hewa ya nyuzi 24 yenye unyevu wa asilimia 85 huacha umande kwenye kitu chenye nyuzi 21 hivi. Pitisha kiganja chini ya bati saa kumi na moja alfajiri: likiwa limelowa kote, si kwenye misumari tu, huo ni umande.

Wa madirisha amepatia nusu. Yanatoa mvuke wa jiko na wa watu waliolala, lakini hewa ya ziwani nayo ina unyevu wake. Dawa ni kuizuia isifike kwenye bati. Ezua, tandaza foili ya kuezekea juu ya papi, anzia upenuni ukipanda, kila kipande cha juu kilalie cha chini sentimita 15. Usiivute ikakaza, ibonyee kidogo kati ya papi, na ncha yake ivuke ukuta ili maji yaangukie nje. Huwezi kuezua? Ipigilie chini ya papi kwa mteremko uleule. Dari tupu bila foili italowa na kuvimba.

Maoni: Langu hapa Tabora linadondosha mvua ikinyesha tu. Foili itasaidia?

Jibu: Hilo linavuja. Kagua mipira ya misumari.