Swali moja, kisha ngoja

"Mpwa wangu amekuja kwangu Jinja kutoka Arua. Nikimsalimu namuuliza safari, shule, mama yake, kazi anayotaka. Anainama tu kimya. Nifanyeje?"

Dada, salamu zenyewe hazimlemei, maana "habari za nyumbani" jibu lake liko tayari. Kinachomfunga ni maswali ya kufikiri yakija pamoja. Mwenye haya hupima neno kabla ya kulitoa. Akiwa bado anatafuta jibu la shule, wewe umeshafika kwenye kazi, na yote yanampotea. Akijibu "nzuri" kwa swali lisilo la habari, ujue amezidiwa.

Kesho msalimu, unyamaze. Mkimenya matoke, mwambie, "Safari ya Arua inachosha," kisha uliza moja tu: "Ulikaa dirishani?" Hesabu kimoyomoyo hadi kumi, usimjibie. Akiongeza neno ambalo hukuuliza, fuata hilo. La shule litangoja.