Kurekodi mitingi ya Zoom bila sura ya mtu mmoja kutokea

Hapa Arusha tuna kikundi chetu cha akina mama, wengi wanauza soko la Kilombero, na mara moja kwa mwezi tunaingia Zoom na mwalimu mmoja anayetufundisha mambo ya fedha. Mwaka huu kuna mama alijitolea kusimulia alivyonasa kwenye mkopo wa kausha damu, na wote tukaona hiyo rekodi lazima ifike kwenye magrupu mengine ya WhatsApp, ila yeye akaniambia, "Mwanangu, sauti iende, sura yangu isiende, yule aliyenikopesha bado ananitafuta." Kamera asingeweza kuzima maana mwalimu alitaka aoneshe daftari la marejesho, tulikague pamoja.

Nikakubali, nikaharibu. Kwenye kioo changu nilimpin mwalimu, nikawa namwona mwalimu tu muda wote, roho ikatulia. Kumbe nilikuwa nimebonyeza `Record to the Cloud`. Usiku nafungua faili, kila yule mama anapoongea ndiye anajaa kioo kizima, na daftari lake mkononi lenye jina juu ya jalada. Bahati nilikuwa sijamtumia mtu. Nilimpigia usiku uleule nikamwambia ukweli, halafu nikafuta, na hapo ujue kitu: rekodi ya cloud ukiifuta inaenda kwanza kwenye `Trash` na inakaa huko siku 30, kwa hiyo ingia na huko uifute kabisa.

Sababu ni hii. `Pin` ni ya kioo chako peke yako, na rekodi ya cloud, inayotengenezwa kwenye seva za Zoom, haijui wewe umempin nani, yenyewe inamfuata anayeongea. Ile inayotengenezwa kwenye laptopu yako ndiyo inafuata pin yako. Tuliporudia wiki iliyofuata nilifanya hivi: kabla ya kuanza nikaweka mausi juu ya kiboksi cha mwalimu, nikabonyeza vile vidoti vitatu, nikachagua `Pin`, ndo nikaenda `Record on this Computer`. Mama akaongea karibu robo saa, sisi wote tunamwona, yeye na daftari lake, lakini kwenye faili ni mwalimu anatikisa kichwa na sauti ya mama inasikika vizuri kabisa. Kama we siyo hosti, muombe hosti akuruhusu kurekodi, na kwa simu hii njia haipo, lazima kompyuta.

Kama mnalazimika kutumia cloud basi hosti atumie `Spotlight for Everyone` kwa mwalimu, hiyo rekodi ya cloud inaifuata, ila ujue inabadilisha kioo cha kila mtu, wote mtamwona mwalimu mkubwa, na kwetu ingeua lile zoezi la kukagua daftari.

Na tafadhali usijaribu kufunika kiboksi chake kwa dirisha lingine ukadhani umemficha. Zoom hairekodi kioo chako, inarekodi mitingi yenyewe, ulichofunika wewe kwenye faili kitakuwepo wazi.

Pale pagumu ni mtu akishea skrini. Mpangilio unabadilika, na kwenye rekodi kona moja inaweza kukaa kapicha ka anayeongea, sasa kama anayeongea ni yeye ndo basi tena. Kabla ya mitingi ingia Settings, sehemu ya Recording, toa tiki kwenye `Record video during screen sharing`. Au fanya kama sisi, mwalimu tulimuomba asishee kitu mpaka mama amalize na mi nisimamishe rekodi.

Halafu jina. Kuondoa sura hakuondoi sauti wala jina, na watu tumezoea kuitana, "mama fulani hebu tuambie." Tulikubaliana mapema tumuite Dada tu, na nikambadilishia jina kwa `Rename` tangu anaingia. Sauti yenyewe ukiwa unamjua utaitambua, nilimwambia hilo waziwazi kabla hajakubali, akasema yule bwana video zenye mwalimu hasikilizi, anaangalia picha. Uamuzi ni wake.

Mitingi ikiisha usizime laptopu, subiri faili ligeuzwe kuwa mp4, na umeme wetu huu hakikisha betri imejaa. Ndani ya folda unakuta mp4, faili la sauti tupu, na pengine la chati lenye majina ya watu. Tuma mp4 peke yake. Kabla ya kutuma mi niliangalia ile robo saa yake yote bila kurusha hata sekunde, kisha nikampelekea yeye kwanza pale kwenye meza yake ya nyanya, akaangalia kwenye simu yangu mpaka mwisho, akanirudishia akasema, "Haya, tuma."