Inveta inalia na kuzima TV ikiwaka

"Nina TV ya wati 60, king'amuzi wati 20, betri ya gari ya 12V 70Ah. Nimenunua inveta ya wati 300 lakini inalia na kuzima. Ninunue ya wati 1000?"

Hapana mkuu, ya 300 inatosha na chenji inabaki. Hiyo kubwa itakula betri hata ikikaa bure.

Mzigo wako ni wati 80. Inveta hupoteza kama asilimia 15, kwa hiyo betri inatoa wati 94 hivi. Gawa kwa 12, unapata karibu ampea 8. Betri ya gari usiishushe chini ya nusu, itakufa mapema. 35Ah ukigawa kwa 8 ni saa 4 na kidogo, tena kama betri ni nzima.

Mlio ule ni wa volti kushuka. Washa TV, kisha pima volti kwenye vichwa vya betri, halafu pale waya unapoingia kwenye inveta. Ukikuta 12.3 kwenye betri na 10.8 kwenye inveta, tatizo ni waya mwembamba au mrefu, au vibanio vimelegea (vishike, vitakuwa vya moto). Sogeza inveta karibu na betri, tumia waya wa milimita za mraba 6 usiozidi mita 1, na fyuzi ya ampea 30 upande wa chanya. Urefu wa waya uweke upande wa TV.

Volti zikishuka kote kuwili, kwenye betri na kwenye inveta, chaji betri kwanza. Ikijaa na bado inashuka haraka, imechoka.