Hotuba ya kuwashukuru wafanyakazi wa duka: usitaje mauzo

"Wakuu, Jumamosi nafunga mwaka na wafanyakazi wangu 9 wa duka. Msimu ulikuwa mkali na tumevunja rekodi ya mauzo. Nataka nifungue hotuba kwa kuwatajia hayo mauzo ili wajivunie, ndipo niwashukuru. Iwe ndefu kiasi gani? Na zawadi nitoe kabla au baada?"

Mkuu, futa hiyo sentensi ya mauzo. Ifute sasa hivi kabla hujaendelea kuandika, maana mimi niliitamka na ikanigharimu watu wawili wazuri.

Nilikuwa na wafanyakazi 11. Nikasimama na furaha yangu yote nikasema, "Mauzo yetu yamepanda kwa asilimia 40!" Makofi yakapigwa. Lakini nilimwona mtunza stoo anaweka glasi mezani taratibu, anamgeukia keshia, wananong'onezana. Keshia ndiye anayefunga hesabu kila jioni, kwa hiyo hakuhitaji kuambiwa asilimia 40 ni kiasi gani. Nilipofika kwenye "asanteni kwa kujitolea", meza yao hakuna aliyekuwa akinitazama. Walikuwa wanapiga hesabu: duka limeingiza kiasi hiki, sisi bahasha zetu zina kiasi gani?

Kibaya ni kwamba hesabu yao haikuwa sahihi, na sikuwa na namna ya kuisahihisha pale ukumbini. Mfanyakazi anaona mauzo, faida haioni. Bidhaa niliyokuwa nikiiuza 100 nilikuwa nainunua 78, nabaki na 22. Msimu ule ushindani ulinibana, nikashusha bei hadi 90, nikawa nabaki na 12 tu. Wateja wakafurika na mauzo yakapanda kwa hiyo asilimia 40, lakini ukijumlisha yote, pale nilipobaki na 22 mwaka uliotangulia, safari hii nilibaki na chini ya 19. Na hapo kodi ya pango, umeme na mishahara bado. Yaani walifanya kazi kubwa zaidi, mimi nikabaki na kidogo zaidi, halafu nikasimama kutangaza kana kwamba nimetajirika. Ungeeleza vipi habari ya bei ya kununulia mbele ya watu waliovaa vizuri wanaosubiri muziki?

Mwezi uliofuata wakaja wanne kwa pamoja kudai nyongeza. Nikawafungulia daftari, nikawaonyesha mstari kwa mstari. Hawakuniamini, na siwalaumu: bosi aliyejisifu kwa kipaza sauti juzi, leo anasema hana? Keshia na muuzaji wangu mmoja wakaondoka kabla mwezi haujaisha.

Aliyeniponza ni mfanyabiashara mwenzangu, mzoefu kabisa, aliyeniambia "wape namba, namba zinatia moyo". Hasira yangu kwake haijaisha. Baadaye ndipo nikajua wauzaji wake wote wanalipwa kwa kamisheni. Kwake mauzo yakipanda, mfuko wa muuzaji nao unapanda, kwa hiyo namba ni habari njema kwa kila aliyekaa pale. Kwa watu wa mshahara wa mwezi, namba hiyo hiyo ni habari ya mfuko wa mtu mwingine. Hilo hakunieleza.

Na hilo neno "kujitolea" nalo liondoe. Kama walibaki baada ya saa za kufunga, hizo ni saa za ziada, zilipe kabla ya sherehe. Mtunza stoo wangu aliniambia waziwazi: "Bosi, mimi sikujitolea. Nilibaki kwa sababu uliniambia nibaki."

Mahali pa namba weka kazi uliyoiona kwa macho. Mwaka uliofuata nilikaa na msimamizi wa zamu, tukashika ratiba ya zamu tukashuka jina kwa jina, msafishaji na mlinzi wakiwemo, nikiuliza swali moja tu: huyu msimu huu alifanya nini ambacho asingekuwepo tungekwama? Ratiba inasaidia kwa sababu kichwa kinakumbuka wauzaji wa mbele tu. Kwa mtunza stoo nikasema hivi: "Usiku ule lori lilipofika mvua inanyesha, ulifunika maboksi kwa turubai wewe mwenyewe ukiwa umelowa. Hakuna boksi hata moja lililoharibika. Asante." Nikanyamaza. Akainamisha kichwa, wenzake wakamgongea meza, maana nao walikuwepo usiku ule na walijua ni kweli.

Pale ambapo msimamizi hakuwa na la kusema juu ya mtu, nilimfuata mwenyewe dukani nikamtazama akifanya kazi siku mbili. Ilikuwa hivyo kwa msafishaji, nikagundua ndiye anayefika wa kwanza na kupanga upya rafu za chini ambazo wateja huzivuruga jioni. Miaka yote nilidhani wanaopanga ni wauzaji.

Una watu 9. Chukua ratiba leo, na jina utakalokwama nalo, anza nalo kesho asubuhi.