Kifurushi "kitupu" mara ya tatu

"Mteja huyuhuyu anadai kwa mara ya tatu kuwa kifurushi kimefika kitupu. Nimrudishie hela, au napigwa?"

Usirudishe kwanza, ndugu. Fungua historia yake uone ni oda zipi alizolalamikia. Wangu mmoja alikuwa na oda 11: kava na chaja zote zilifika salama, simu tatu tu ndizo "hazikuwemo". Hapo nikashtuka.

Kisha linganisha uzito uliopimwa ulipokabidhi mzigo na ule wa kituo cha mwisho. Wangu ulisoma gramu 420 kote kuwili, na boksi tupu lina 150. Basi simu ilifika kituoni. Wamebaki mteja na bodaboda. Wateja wengine wa boda huyohuyo wakilia pia, huenda mteja wako hana kosa. Wangu alipelekewa na boda watatu tofauti, kwa hiyo shaka ikabaki kwa mteja.